Kizingiti cha malaria kichorwe zahanati, tena kwa robo ya tatu

Zahanati nyingi sasa zina chati ya wagonjwa wa kila wiki ukutani. Jumatatu hadi Jumapili, kesi zinahesabiwa kutoka kitabu cha MTUHA namba 5, zinagawanywa kwa ugonjwa, na nguzo moja inaongezwa kwenye mchoro. Ni kazi nzuri. Lakini nguzo peke yake haisemi kama 24 ni nyingi au ni za kawaida. Kinachosema ni mstari wa kizingiti, na maoni yangu ni kwamba mstari huo unachorwa vibaya mahali pengi, hasa kwa malaria kwenye maeneo ya miinuko.

Kosa lenyewe ni kutumia wastani. Tuchukue mfano wa zahanati moja ya mlimani, wiki ya 22, yaani mwishoni mwa Mei baada ya masika. Kwa miaka mitano iliyopita wiki hiyo ilikuwa na kesi 14, 9, 41, 17 na 12. Ile 41 ni mwaka wa mlipuko. Wastani ni 18.6, na ukiongeza mikengeuko sanifu miwili, kama wengi wanavyofundishwa, kizingiti kinafika 44. Maana yake mlipuko wa zamani umekipandisha kizingiti hadi mlipuko mwingine wa ukubwa uleule upite kimya.

Sasa panga namba hizo kutoka ndogo kwenda kubwa: 9, 12, 14, 17, 41. Ya katikati, 14, ndiyo hali ya kawaida. Ya nne, 17, ndiyo robo ya tatu, na hicho ndicho kizingiti chako. Ile 41 haikivuti, hata ingekuwa 400. Huhitaji kompyuta, kalamu inatosha. Kama una Excel, weka miaka mitano kwenye B hadi F, kizingiti kwenye G, na kesi za mwaka huu kwenye H:

```
G2: =QUARTILE(B2:F2,3)
I2: =IF(H2="","HAKUNA TAARIFA",IF(H2>G2,"TAHADHARI",""))
```

Angalia hilo neno HAKUNA TAARIFA. Wiki ambayo hakuna mgonjwa andika 0. Wiki ambayo hesabu haikufanyika acha wazi. Ukichanganya hivyo viwili, mwakani kizingiti chako kitashuka bila sababu.

Tuendelee na mfano wetu. Mwaka huu wiki ya 20 ilikuwa na kesi 13, ya 21 zikawa 16, ya 22 zikawa 24, ya 23 zikawa 31. Vizingiti vya wiki hizo ni kati ya 16 na 18. Kengele inalia wiki ya 22. Kwa kizingiti cha 44, isingelia hata wiki ya 23.

Utaniambia: robo ya tatu iko chini, italia mara kwa mara. Ni kweli, hata mwaka wa kawaida baadhi ya wiki zitaivuka kwa bahati tu. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kuvuka ni ya kukagua. Tazama waliopimwa. Kama wiki ya 21 walipimwa 80 wakapatikana 16, hiyo ni asilimia 20. Wiki ya 22 wakipimwa 80 na kupatikana 24, ni asilimia 30. Malaria imepanda kweli, si kwamba mmepima watu wengi zaidi. Ikivuka tena wiki inayofuata, usisubiri ya tatu.

Kinyume chake pia hutokea. Vipimo vya haraka vikiisha, nguzo ya malaria inaanguka na nguzo ya homa isiyojulikana inapanda wiki hiyohiyo. Anayetazama malaria peke yake atashangilia. Kwa hiyo chora magonjwa hayo mawili pamoja.

Usitumie njia hii kwa kipindupindu. Huko mgonjwa mmoja anayeshukiwa anatosha kupiga simu wilayani siku hiyohiyo, bila kungoja Jumapili.

Wilaya nayo ina mchoro wake, lakini ukijumlisha zahanati thelathini, kesi 24 za kijiji kimoja zinamezwa. Kwa hiyo mganga mfawidhi, chora mstari wa zahanati yako mwenyewe, na chini ya chati andika jina la atakayepiga simu ukivukwa, na namba anayoipigia. Ukiona kwenye zahanati yako neno TAHADHARI limekaa wiki mbili na hakuna aliyepiga, uliza.