Mafuta hayamalizi mbio

Hapa Kinama wapo vijana wanaokimbia alfajiri ambao wameacha bugali na wali. Wanakula mayai, nyama na parachichi, wakiamini mafuta yatawafikisha mbali.

Ni kweli mwili hujifunza kuchoma mafuta ndani ya wiki chache, na kwa mwendo wa polepole wa saa nyingi hilo linaweza kusaidia. Lakini mashindano ni kasi. Lita moja ya oksijeni ikichoma wanga hutoa takriban kilokalori 5. Ikichoma mafuta hutoa kama 4.7. Ukishafika mwisho wa pumzi zako, pengo hilo dogo ndilo linalofanya kundi likuache.

Mtafiti Louise Burke wa Australia na wenzake walilipima hili kwa wanariadha bora wa mbio za kutembea, wakachapisha matokeo 2017. Baada ya wiki tatu, waliokula wanga wa kutosha waliboresha muda wao wa kilomita 10. Wa mafuta walichoma mafuta mengi kweli, lakini muda wao haukuboreka.

Dalili utaiona uwanjani: mbio za taratibu zinakwenda vizuri, ila kwenye mita 400 za kurudia miguu inakataa.

Ukitaka, kimbia polepole kabla ya chai mara moja kwa wiki. Siku ya kasi na mkesha wa mashindano, rudi kwenye bugali.