Ami Alitia Saini, Kijana Ataka Kuondoka: Uanagenzi Huvunjwaje?

Ndugu msomaji, wiki hii tunaleta jambo lililofika mezani mwa kamati yetu ya msikiti na kutushughulisha vikao vitatu. Wahusika wameridhia tulieleze, na tumebadili yale ambayo yangewatambulisha.

Kijana mmoja yatima alimaliza darasa la saba, na ami yake akampeleka kwa fundi seremala, rafiki wa zamani wa marehemu baba yake. Februari 2022 ami na fundi wakaandikiana karatasi. Ilisema kuwa kijana atakaa kiwandani miaka mitatu, fundi atamfundisha useremala wa milango na samani, atampa chakula cha mchana na posho ya shilingi 3,000 kwa siku ya kazi, na kijana akiondoka kabla ya muda ami atalipa shilingi 400,000. Ami akatia saini. Fundi akatia saini. Kijana, aliyekuwa na miaka 14, alikuwa nje akiangalia mbao.

Aprili 2024 mama yake alikuja kwetu. Alisema mwanawe amekuwa kama kibarua. Mwaka wa kwanza alifundishwa kupiga randa, kupima kwa guniya na kuunga mbao kwa ulimi na tundu, lakini kwa miezi kumi iliyofuatia mwishoni kazi yake imekuwa msasa na vanishi tu, asubuhi hadi jioni. Kijana anataka kuondoka. Fundi anadai zile 400,000, na amezuia sanduku la vifaa lililonunuliwa kwa fedha za mirathi ya marehemu. Ami naye alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyetia saini," alisema. "Nitamtazamaje rafiki wa ndugu yangu?"

Watu wengi katika hali hii hukimbilia swali la nani mwenye makosa. Sisi tulianza na swali la karatasi: saini ya mlezi inamfunga kijana hadi lini?

La kwanza tulilolitazama ni kama ami alikuwa na mamlaka ya kutia saini. Hapa familia nyingi hukosea. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuyafuatayo wengi wetu wa pwani, ami anaweza kuwa walii wa ndoa, lakini hilo halimpi uwalii wa mali. Uwalii wa mali, ambao ndani yake mna kumwajirisha mtoto, ni wa baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeachwa na mmoja wao, kisha kadhi. Ami asiyeusiwa na marehemu wala kuwekwa na kadhi ametia saini ya jamaa tu mwenye huruma. Katika kisa chetu mashahidi wawili walithibitisha kuwa marehemu alimuusia nduguye watoto na mali yao. Kwa hiyo saini ilikuwa ya mwenye haki.

La pili ni muda, na hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Imamu Nawawi katika Minhaji, kwenye mlango wa ijara, amelizungumzia jambo hili hasa: walii akimwajirisha mtoto kwa muda ambao mtoto hatafikia umri wa baleghe ndani yake, kisha mtoto akabaleghe mapema kwa ndoto, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mkataba hauvunjiki. Wafafanuzi wakaeleza upande wa pili: walii akiweka muda unaovuka umri huo, mkataba wake ni batili kwa ile sehemu iliyovuka, kwa kuwa anayetarajiwa kuwa mwenye amri ya nafsi yake hauzwi kazi yake na mwingine. Mahanafi wana njia yao: kwao kijana aliyeajirishwa nafsi yake akibaleghe hupewa hiari ya kuendelea au kuvunja. Njia ni mbili, lakini zote zinakataa kuwa saini ya utotoni ivutwe hadi utu uzima.

Umri huo ni miaka 15 ya Hijria, na familia nyingi huhesabu kwa kalenda ya ukutani zikajikuta zimekosea kwa miezi. Miaka 15 ya mwezi ni takriban miaka 14 na miezi sita na nusu ya kalenda ya kawaida. Kijana wetu alizaliwa mwanzoni mwa Muharram 1429, yaani Januari 2008. Alitimiza miaka 15 ya Hijria mwanzoni mwa Muharram 1444, mwishoni mwa Julai 2022. Basi katika ile miaka mitatu iliyoandikwa, ami aliweza kumfunga kwa miezi sita tu, Februari hadi Julai. Mwaka mmoja na miezi tisa aliyofanya kazi baada ya hapo haikuwa chini ya mkataba ule, na sharti la shilingi 400,000 lilianguka pamoja nao.

Fundi aliposikia hayo alikasirika, na tunamwelewa. Alitukumbusha kuwa Waislamu hufungwa na masharti yao. Tukamjibu kuwa ndivyo, ila sharti humfunga aliyeliweka katika kile anachokimiliki, na ami hakumiliki miaka ya utu uzima ya mwana wa nduguye. Kama angemwita kijana Agosti 2022 akamuuliza mbele ya watu, "Tuendelee kwa masharti haya?", na kijana mwenye akili timamu akakubali, leo tungekuwa na mkataba mwingine, wa kijana mwenyewe. Hakumwita.

Hata hivyo baleghe pekee haitoshi. Aya ya 6 ya Surat An-Nisaa inawaamuru walezi wawajaribu mayatima, na wakiwaona wana rushdi ndipo wawakabidhi mali zao, na washuhudishe wakati wa kuwakabidhi. Kwa hiyo tulimtazama kijana: anaswali, posho yake humpelekea mama na nyingine ameiweka akiba, hachezi kamari. Tukaridhika. Laiti angekuwa mfujaji, uwalii wa ami ungebaki, naye ndiye angezungumza.

Kisha tukamwita kijana azungumze mwenyewe. Alimwamkia fundi, akakaa, akasema: "Mwalimu, sikuja kukushitaki. Umenishika mkono baba alipofariki. Lakini sijashika patasi tangu mwaka jana, na nikikaa hivi nitatoka nikiwa najua msasa tu." Ami alikuwa hajayasikia maneno hayo kabla ya siku ile. Hakuwahi kuuliza.

Baada ya hapo ilibaki hesabu. Kazi iliyofanywa bila mkataba sahihi haipotei bure. Mwenye kazi hudaiwa ujira wa mithli, yaani kile anacholipwa mtu mwingine kwa kazi kama ile mahali pale. Tuliwauliza mafundi wawili wa mtaa mwingine, wakasema kijana wa msasa na vanishi hulipwa shilingi 5,000 kwa siku pamoja na chakula. Wazee walikubaliana kuwa katika miezi ya mafunzo, elimu aliyopewa pamoja na posho vinalingana na ujira huo. Kwa miezi kumi ya msasa mtupu, siku 24 kila mwezi, ilipungua shilingi 2,000 kwa siku: jumla shilingi 480,000.

Fundi naye alikuwa na madai mawili. Patasi ilivunjika mikononi mwa kijana, na ubao wa mninga ukaharibika. Chombo mikononi mwa mfanyakazi ni amana. Kikivunjika katika kazi yake ya kawaida bila uzembe, halipi. Patasi ikaondolewa. Ubao ulikuwa tofauti: kijana aliagizwa auingize ndani jioni, akausahau, ukanyeshewa ukapinda. Alikiri. Thamani yake, shilingi 45,000, ikakatwa. Zikabaki 435,000.

Hapo ami akainua mkono. "Tusameheane tu, haya ya fedha yaishe." Nia ilikuwa njema, lakini tulimzuia. Walii hana ruhusa ya kusamehe haki ya yatima. Kazi yake ni kuihifadhi. Wala asingeweza kuilipa ile 400,000 kutoka mirathi ya mtoto hata kama angetaka kulinda uso wake. Msamaha ni wa mwenye haki akiwa na rushdi. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema atachukua 300,000 na sanduku lake la vifaa, na iliyobaki ni kwa ajili ya mwaka ule wa kwanza. Fundi alijifuta macho kwa kofia yake.

Liko jambo moja la mwisho ambalo lisisahauliwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inamtambua mzazi, mlezi au jamaa kuwa ndiye anayepatana na fundi. Kijana wetu alikuwa na miaka 16. Kisharia ni mwenye amri ya nafsi yake. Mbele ya ofisa wa serikali bado yumo chini ya mlezi. Kwa hiyo hati ya kuachana ilibeba saini mbili upande wake: ya kijana, kwa kuwa haki ni yake, na ya ami, kwa kuwa ndiye aliyeingia katika karatasi ya kwanza na lazima atoke humo kwa jina lake. Mmoja akitia saini peke yake, mlango unabaki wazi nusu.

Hati yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Ilitaja karatasi ya Februari 2022 na kuifuta; siku ya mwisho ya kazi; kazi ambazo kijana amefundishwa na anaziweza, ili fundi mwingine aanzie hapo; fedha zilizolipwa na zilizosamehewa; vifaa kimoja kimoja, randa, msumeno, patasi, nyundo na guniya; na tamko kuwa hakuna anayemdai mwenzake. Mashahidi wawili wakatia saini. Nakala moja kwa fundi, moja kwa kijana, moja kwa ami. Karatasi ya zamani ikachanwa mbele ya wote.

Kwa mlezi anayetaka kumpeleka mtoto kwa fundi mwezi huu, tunalo ombi moja. Hesabu siku atakayotimiza miaka 15 ya Hijria, uiandike ndani ya mapatano kuwa ndiyo siku ya kumwita na kumuuliza mwenyewe. Ami wa kijana wetu anasema angeiandika siku hiyo, angejua habari za msasa mapema zaidi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.