Kindu: Kasuku anafaa kuita wateja dukani, lakini si kwenye banki

Mjini Kindu, mwenye duka anayetafuta maskoti, yaani mnyama au mtu wa kuchorwa anayesimama kwa niaba ya biashara, hana haja ya kutafuta mbali. Komine yenyewe inaitwa Kasuku. Ndege mwenye manyoya ya kijivu na mkia mwekundu anajulikana na kila mkaaji wa Maniema, na mtoto hahitaji kujua kusoma ili amtambue ukutani. Lakini jina la karibu linaweza kumdanganya mfanyabiashara. Kasuku ni mzuri kwa duka na ni mbaya kwa banki, na sababu iko katika tabia yake mwenyewe.

Kila mtu anajua kazi ya kasuku: anarudia anachosikia, na hachagui wa kumwambia. Mteja wa banki au wa kooperative ya akiba anaogopa nini? Anaogopa jirani, ndugu na shemeji wajue ana makuta ngapi. Ukimwekea kasuku mlangoni, umemwambia bila kutaka kwamba siri yake itatoka. Ufaransa, banki ya akiba ya Caisse d'Épargne ilichukua kindi, kwa sababu kindi huficha chakula chake kwa ajili ya majira ya baridi. Maana hiyo inaeleweka huko, lakini Maniema haina majira ya baridi. Kooperative ya Kindu ingefanya vizuri zaidi kumtazama nyuki, anayeweka asali pamoja na wenzake na kuilinda. Sungura aepukwe kabisa: katika hadithi zetu ni yeye anayekula mali ya wengine kwa ujanja.

Dukani mambo yanageuka. Hofu ya mama anayenunua mchele na sukari ni nyingine: apunjwe kwenye kipimo, au atajiwe bei kubwa kuliko aliyemtangulia. Hapo udhaifu wa kasuku unakuwa nguvu. Ndege asiyejua kuficha anasema bei ileile kwa mama wa soko, kwa motari na kwa mkubwa wa serikali. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuchora. Kazi ya kwanza ni kuandika hofu moja ya mteja, kisha kuchagua tabia moja inayoijibu.

Tuchukue duka la chakula la kuwaza tu, karibu na gare. Tabia ya kasuku wake iandikwe kwa sentensi tatu: anapenda kutangaza bei, anapenda kuona mizani, na anaongea kupita kiasi hadi anamkatiza hata mwenye duka. Kasoro hiyo ya mwisho isifutwe. Mhusika asiye na kosa hachekeshi, na asiyechekesha anasahaulika. Karatasi hiyohiyo iseme pia yale ambayo kasuku hatasema kamwe: hataji deni la mteja, hatukani duka la jirani, haongei siasa wala dini.

Halafu inakuja misemo. Miwili inatosha. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa sababu msemo ni ahadi. Tuseme mwenye duka anachagua "Bei ni ileile!" Unasikika vizuri kinywani. Lakini bidhaa nyingi zinafika Kindu kutoka mbali, na franka inapopungua nguvu mbele ya dola, bei inapanda. Wiki hiyo kasuku amekuwa mwongo ukutani kwake mwenyewe. Msemo "Bei moja kwa wote!" unabaki wa kweli hata bei ikipanda, mradi muuzaji asibague. Wa pili uwe "Pima tena!", unaompa mteja ruhusa ya kuomba kipimo kirudiwe bila aibu.

Kabla ya kuupaka ukutani, msemo ujaribiwe. Waambiwe watu kumi, wamotari na mama wauzaji, kisha waulizwe kesho yake bila kukumbushwa. Wakiurudisha vilevile, unafaa. Wakiubadilisha, huenda walichosema wao ni bora kuliko kilichoandikwa. Na baada ya kuutangaza, sikio libaki wazi. Siku watoto watakaposema "Pima tena!" kwa kicheko cha dharau, tatizo haliko kwa kasuku, liko kwenye mizani. Mizani irekebishwe kwanza, na mchoro ufunikwe hadi kazi hiyo iishe.

Kanuni za kuonekana zinahitaji ukurasa mmoja tu. Rangi ni tatu: kijivu, nyekundu ya mkia, na nyeusi ya mdomo. Katika mji ambako ukuta unapakwa kwa mkono, rangi ya nne ni mwanya wa makosa. Kila mchoraji apewe karatasi moja yenye mchoro uliogawanywa kwa miraba ya sentimita 1. Ukutani anachora miraba ya sentimita 10, na kasuku anakua mara kumi bila kichwa kuvimba. Liwepo pia umbo la rangi moja kwa ajili ya muhuri na risiti. Likipunguzwa hadi sentimita 2 na mkia usionekane tena, lichorwe upya kwa mistari michache zaidi.

Kama kuna vazi la kuvaliwa na mtu, joto la Kindu liheshimiwe. Aliyelivaa asikae ndani zaidi ya dakika 20 kabla ya kupumzika na kunywa maji. Atembee na mwenzake, maana ndani ya kichwa hicho haoni miguuni. Asivue kichwa mbele ya watu, na mtoto anayelia asifuatwe.

Kanuni ya mwisho ndiyo inayohusu Maniema kuliko mahali pengine. Kasuku huyu asichorwe ndani ya tundu wala na mnyororo mguuni, na duka lisifuge ndege hai kwa kuvutia wateja. Mkataba wa kimataifa wa CITES, katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, ulimweka kasuku wa kijivu kwenye orodha yake ya ulinzi mkali zaidi, na uamuzi huo ukaanza kutumika mwaka 2017. Hata hivyo, misitu ya jimbo hili inajulikana kwa mitego ya ulimbo. Mtegaji hufunga kasuku mmoja juu ya mti, akilia, wenzake wanamfuata na kunasa.

Mwenye duka anayefunga kasuku hai mlangoni anatumia mbinu ileile, na anawafundisha wapita njia kwamba ndege huyo ni kitu cha kununuliwa. Kila anayetaka mmoja kwa nyumba yake anampa mtegaji kazi. Mchoro wa kasuku huru, anayeruka na kusema bei moja kwa wote, unagharimu makopo machache ya rangi, na haumtoi ndege yeyote msituni. Duka likitaka kuitwa kwa jina la komine hii, lianze na mizani sahihi na ukuta uliopakwa vizuri. Tundu halina kazi hapo.