"Siko na kitu cha kuficha"? Soma kwanza fishye yako

Kila mara tukiongea juu ya usalama wa simu, kuna wandugu wanajibu: "Mimi siko na kitu cha kuficha." Sawa. Omba Facebook ikupatie kopi ya data yako, isome, kisha rudi utuambie tena vile.

Njia ni fupi. Katika konti yako tafuta mahali pa kupakua data yako. Chagua HTML, inafunguka kama ukurasa wa kawaida. JSON ni ya watu wa programu. Chagua pia muda wote, la sivyo utapata kipande tu. Kisha ngoja, maana haitoki palepale.

Utakuta humo vitu ulivyotafuta, marafiki uliowatoa, na mara ulizoingia: tarehe, saa, aina ya simu na adresi ya IP. IP haionyeshi nyumba yako. Lakini kampuni ya simu inaweza kutafuta ni mteja gani alikuwa nayo saa ile.

Lakini kinachotuuma zaidi ni kontakti. Tuseme siku moja uliweka programu kwa simu mpya, ikaomba ruhusa ya kuchukua repertware yako, ukagusa ndiyo bila kusoma. Basi repertware yote iko mule, na majina vile ulivyoyaandika mwenyewe: "Dokta wa sida", "Kamarade wa Bunia", "Mama wa shahidi". Hawa watu ni nani aliwauliza? Wao hawakugusa kitu. Ukisema huna cha kuficha, unasemea wao pia, na hawakukutuma.

Na wewe uko ndani ya repertware za wengine. Mwaka 2013 Facebook yenyewe ilikubali kwamba kosa katika kifaa hiki hiki cha kopi lilikuwa limeonyesha namba ama adresi za imeli za watu karibu milioni 6 kwa watu wengine waliopakua fishye zao. Nyingi zilikuwa zimeletwa na repertware za watu, siyo na wenyewe. Kwa hiyo usifikiri fishye yako inaonyesha yote wanayojua juu yako.

Kode ya Numerike ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data ya kila raia. Facebook ina angalau hii botoni. Kampuni zinazotuandikisha kadi za sim na kupiga kopi ya karte yetu, botoni yao iko wapi? Tunaidai.

Wakati tunaingoja: zima kwanza ruhusa ya kontakti ndani ya simu, ndipo ufute zile zilizopandishwa. Ukianza na kufuta, zitapanda tena. Na fishye usiifungulie kwa sibe: haifungwi na neno la siri, na anayekaa kwenye ile mashini nyuma yako atasoma yote.