"Moshi wa Baridi Tu, Bosi": Majibu kwa Maneno ya Madalali wa Magari

Anayetafuta gari la mkononi Nyegezi, kuanzia Kona hadi Malimbe, husikia maneno yaleyale bila kujali dalali ni nani. Nayajibu hapa kwa sababu watu wengi, hasa walimu na wafanyabiashara wadogo wanaonunua gari la kwanza kwa mkopo, wanapoteza fedha kwa kuyaamini. Mengi yana chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanauza.

La kwanza: "Nimeshaliwasha mapema, bosi, nisikupotezee muda."

Hapo hujasaidiwa, umeondolewa ushahidi. Gari likilala usiku kucha, oili yote hushuka chini kwenye sampu, chuma hupoa na kusinyaa, na uwazi kati ya pistoni na ukuta wa silinda huwa mkubwa kuliko injini ikiwa imeshika moto. Kinachovuja kidogo kidogo hupata saa nane za kujikusanya sehemu moja. Ugonjwa wa injini hujionyesha wazi zaidi katika dakika ya kwanza baada ya usingizi huo. Injini ikishapata moto, chuma hutanuka na kuziba nyufa, oili huwa imeshapanda kila mahali, na mgonjwa huonekana mzima.

Kwa hiyo mwambie dalali utafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na gari lisiguswe. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja juu ya boneti, kisha shika mpira wa juu wa rejeta na ncha ya ekzosi. Vyote viwe baridi. Ukikuta uvuguvugu, rudi kesho. Ukilikuta hivyo mara ya pili, tafuta gari jingine.

La pili: "Huo moshi mweupe ni wa baridi. Si unaona upepo wa ziwa?"

Hili nalijibu kwa urefu, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Petroli ikiungua hutoa maji. Kila lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, na yote hupita kwenye ekzosi yakiwa mvuke. Bomba likiwa baridi, mvuke huo hugeuka matone na ukungu mweupe. Kwa hiyo gari zima kabisa linaweza kutoa moshi mwepesi na kudondosha maji asubuhi. Moshi wa namna hiyo hupotea hewani hatua moja au mbili tu kutoka kwenye bomba, na bomba likishapata moto huisha wenyewe. Njombe mwezi wa Julai unaweza kukaa muda mrefu. Nyegezi, ambako alfajiri huwa kwenye nyuzi 16 hadi 19 hivi, hauna sababu ya kuwa mzito wala kuning'inia uwanjani.

Moshi wa kuogopa ni wa maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Huo ni mzito, hukaa hewani, na huendelea hata injini ikishapata moto. Vitabu vya mafundi vinasema una harufu tamu. Ni kweli kama gari lina kulanti. Kwetu magari mengi yanatembea na maji ya bomba, na maji hayana harufu hiyo. Pua haitoshi. Tumia mkono na macho.

Nitaeleza kwa gari nililoliangalia kweli. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniomba nimsindikize kuangalia Toyota IST ya injini ya 1NZ-FE. Gari lilikuwa baridi, kwa hiyo tulifungua kifuniko cha rejeta bila hofu ya kuungua. (Injini ikiwa moto usijaribu, maji yatakurukia usoni.) Maji yalikuwa yamepungua kiasi cha kidole kimoja, na chini ya gari hapakuwa na tone. Muuzaji alisema aliyajaza juzi. Basi yamekwenda wapi? Tukajaza, tukafunga, kijana mmoja akapiga stata. Injini ilishika, lakini kwa sekunde tano au sita ilitetemeka kama inakosa silinda moja, ikatema wingu jeupe, kisha ikatulia kabisa. Dalali akacheka: "Umeona? Baridi imeisha."

Mtetemo ule ndio uliokuwa jibu. Gari linapozimwa likiwa moto, maji bado yana presha, na kama gasketi imeungua presha hiyo husukuma maji kidogo ndani ya silinda usiku. Asubuhi plagi ya silinda ile imelowa, haichomi vizuri mpaka maji yatolewe. Nikashika mpira wa juu wa rejeta. Dakika haijaisha ulikuwa umeshakuwa mgumu, ilhali bado ulikuwa baridi. Mpira hupata presha kwa sababu maji yamepata moto. Ukiwa mgumu kabla ya joto, gesi ya mlipuko inatoka kwenye silinda na kuingia kwenye maji. Tukaliacha gari pale pale.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Usawa wa ziwa ni kama mita 1,134 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia kuchemka ni presha ya kifuniko cha rejeta, na kulanti ikiwepo. Gari lenye maji ya bomba na kifuniko kilichochoka huchemsha mapema, na gari lililochemsha mara mbili tatu ndilo linalokuja kuunguza gasketi. Fundi naye, kukomesha kuchemsha, hung'oa themostati. Injini isiyo na themostati huchelewa sana kupata moto, na ukungu mweupe huendelea kwa muda mrefu bila gasketi kuwa na kosa. Kwa hiyo moshi ukichelewa kuisha, angalia kwanza kama mshale wa joto unapanda. Usipopanda baada ya dakika kumi, shuku themostati. Lakini jiulize pia ni nini kilichowafanya waing'oe.

La tatu: "Bluu kidogo asubuhi si kitu. Weka oili nzito inaisha."

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, hakuna maelezo mengine. Swali ni imepita wapi. Ukitoka mara moja tu gari linapowashwa kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za vavu: usiku oili imeshuka polepole kwenye mti wa vavu na kuingia silindani. Hili linatengenezeka, na unaweza kulitumia kushusha bei. Ili kuhakikisha, acha injini isinzie dakika tano kisha kanyaga mafuta ghafla. Pumzi moja ya bluu, halafu hewa safi, ni sili. Bluu inayofuata kila unapokanyaga ni ringi za pistoni, na hapo unazungumzia kuvunja injini nzima.

Wenye Spacio na Wish za injini ya 1ZZ-FE wanalijua hili kwa uchungu. Katika matoleo ya mwanzo ya injini hiyo, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo. Yaliziba kwa masizi, ringi za oili zikaganda, na Toyota ikaja kubadilisha pistoni. Injini ya namna hiyo huweza kula oili bila kutoa moshi mwingi. Moshi peke yake hautakuonya, kwa hiyo chomoa dipstiki kabla ya kuwasha. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, au ikiwa mpya kabisa na nzito kama asali kwenye injini inayotakiwa kutumia 5W-30, kuna kitu kinafichwa. Oili nzito hupunguza moshi kwa wiki chache. Haiponyi ringi.

La nne: "Huo mlio ni oili inapanda tu."

Kwa sekunde moja au mbili, anaweza kuwa sahihi. Injini za 1NZ na 2NZ zinazobebwa na IST na Vitz hutumia cheni ya taimingi, na kifaa kinachoikaza husaidiwa na presha ya oili. Usiku presha hiyo haipo. Asubuhi cheni inaweza kuchakacha kidogo upande wa feni belti mpaka oili ifike. Hata filta feki inaweza kuleta mlio huo, kwa sababu vavu yake ya ndani haizuii oili kurudi chini. Ukisikia mchakacho mfupi, dai filta mpya halisi ifungwe, kisha urudi asubuhi nyingine. Ukipita sekunde tatu au nne, au ukijirudia hapo hapo injini ikiwa na moto, cheni imelegea au kikazio chake kimekufa.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka unapokanyaga mafuta, ni habari tofauti kabisa. Hizo ni metali za krenki, na gari hilo usilinunue kwa bei yoyote itakayotajwa.

Kabla ya hayo yote, washa swichi bila kupiga stata. Taa nyekundu ya oili lazima iwake. Isipowaka, huenda imekatwa usiione. Ukishawasha injini, taa hiyo inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache.

La tano: "Hayo maji ya chini ni ya AC."

AC hudondosha maji ikiwa inafanya kazi. Gari lililolala tangu jana jioni haliwezi kuwa linadondosha maji ya AC saa kumi na mbili asubuhi. Omba boksi lililofunguliwa liwekwe chini ya injini usiku, usome asubuhi: madoa ya kahawia au meusi ni oili, mekundu mazito mara nyingi ni ya gia, ya waridi au maji yasiyo na mafuta ni ya rejeta. Injini iliyooshwa ikang'aa siku ya mauzo haikuonyeshi chochote, kwa hiyo boksi ni muhimu zaidi hapo.

La mwisho: "Ni namba E, tena limekaguliwa."

Namba E inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Injini inaweza kuwa ya 2004. Ukaguzi wa TBS hufanyika gari linapoingizwa nchini, na stika ya usalama barabarani inahusu breki, taa, matairi na mfano wa hayo. Hakuna mkaguzi hata mmoja aliyekuwepo alfajiri gari hili lilipowashwa likiwa baridi. Uwepo wewe, ukiwa na fundi wako mwenyewe, asiyelipwa na dalali, na usitoe hata shilingi ya kishika bei kabla ya asubuhi hiyo.