Nyumba nambari 37 iko upande gani?

Ni saa tatu usiku, umebeba mteja kwa bodaboda hadi Tuwan. Anakwambia, "Geti nyeusi, karibu na duka la mpesa." Geti nyeusi ziko tano, maduka ya mpesa matatu. Mnazunguka huku simu ikiisha chaji. Sasa waza kwamba aliyekuwa akingojewa ni mgonjwa, na aliyepotea njia ni dereva wa ambulensi.

Dawa ni ya zamani sana. Mwaka wa 1805 jiji la Paris liliamua kwamba nambari witiri (1, 3, 5) zikae upande mmoja wa barabara, na shufwa (2, 4, 6) zikae upande wa pili. Ukijua hilo, huhitaji kuuliza mtu.

Tuseme unatafuta nambari 37. Soma geti mbili zinazofuatana upande wako. Ukiona 8, halafu 10, umejua mambo mawili: unaelekea kunakopanda, na upande huu ni wa shufwa. Basi 37 iko ng'ambo. Kwa kuwa nambari zinaruka mbili mbili, kutoka 8 hadi 36 ni geti 14. Zihesabu ukienda, kisha tazama ng'ambo.

Lakini usitarajie 37 itazamane na 36 sawasawa. Shule au kanisa lenye uwanja mpana likiwa upande mmoja, upande huo hubaki nyuma. Kwa hivyo ukikaribia, soma nambari za upande unaoutaka, si za huku uliko. Na ukikuta 8 ikifuatwa na 23, kisha 4, jua hizo ni nambari za ploti au zilitolewa kwa kadiri watu walivyojenga. Hapo hesabu haitakusaidia, piga simu.

Kwa nini tusihesabu tu 1 hadi 20 upande mmoja, turudi na 21 hadi 40 upande wa pili? Kwa sababu Kitale inapanuka. Mashamba ya juzi leo ni mitaa. Barabara ikirefuka, nyumba ya 21 ingetaka nambari ambayo tayari iko ng'ambo. Kwa witiri na shufwa, mtaa unaendelea tu: 41, 42, 43. Ploti ikigawanywa katikati, nyumba mpya inaitwa 14A.

Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi mwaka wa 2022, ikaweka majina ya barabara na nambari milangoni. Kaunti ya Trans Nzoia inaweza kuanza na mtaa mmoja: ianzie mwisho ulio karibu na mjini, witiri kushoto, shufwa kulia, na ploti tupu iachiwe nambari yake.

Nawe ukiulizwa maoni kwenye baraza, usiitishe nambari tu. Itisha mpangilio. Nambari bila mpangilio ni rangi ya geti tu.