Simu Imezima Lakini Geti Limefunguka: Tuache Kushangaa, Tuulize Maswali

Wasee, ile video ya mtu anagusa geti la treni London na aifoni iliyozima, kioo cheusi kabisa, na geti linafunguka, nimetumiwa karibu mara kumi wiki hii. Kwa komenti ni zile za kawaida: "wazungu ni wachawi," "sisi tuko nyuma sana." Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, sina cheti cha uinjinia, lakini hii mambo nimeisoma mpaka nikaielewa. Na nikuambie ukweli, hakuna uchawi pale. Kuna uamuzi mzuri ambao mtu aliufanya, na ni huo uamuzi tunaopaswa kuudai hapa kwetu.

Anza na simu. Ukiona aifoni imezima kwa sababu ya chaji, betri haijakauka kabisa. Simu hujizima yenyewe ikiwa bado imebakisha kiasi kidogo. Kompyuta kubwa ya ndani, ile inayoendesha kioo, WhatsApp na TikTok, inalala. Lakini kuna vipande viwili vidogo vinavyoweza kuendelea kupata huo moto kidogo: chipu ya NFC inayoongea na geti, na chipu ya usalama inayohifadhi kadi yako. Hivyo viwili ndivyo vinavyolipa nauli. Kwenye iPhone XS, XR na nyingi zilizofuata, akiba hiyo inaweza kudumu hadi saa 5.

Sasa utauliza, mbona kadi inakubali kulipa bila uso wala namba ya siri? Kwa sababu mwenyewe aliruhusu mapema. Aliingia kwa `Wallet & Apple Pay`, akachagua kadi moja kwa `Express Travel Card`. Geti nalo hutuma ishara yake maalum ya kujitambulisha, kama kusema "mimi ni geti la usafiri." Simu ikiisikia, inatoa ile kadi moja tu. Kama simu imezima, hutaona chochote kwa kioo. Utasikia tu inatetemeka mkononi.

Hiyo ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili, ambayo hakuna anayeiposti, ni geti lenyewe. Shirika la usafiri la London, TfL, lilitaka malipo yakubaliwe ndani ya nusu sekunde, maana watu wakisimama hapo sekunde tano kila mmoja, foleni inafika barabarani. Kwa nusu sekunde huwezi kupigia benki simu na kungoja jibu. Kwa hivyo geti linakagua kama kadi ni halali na kama haiko kwa orodha ya zilizofungiwa, kisha linakufungulia. Hesabu ya nauli zako zote inafanywa baadaye, siku ikiisha. Wakati unapita, hakuna anayehitaji mtandao wako, kioo chako, wala meseji ya kuthibitisha.

Lakini usidanganywe kwamba hii kitu haina makali. Chukua mtu anaingia Stratford na chaji asilimia 2, anaelekea Oxford Circus. Akifika Liverpool Street simu inajizima. Akishuka anagusa geti na simu iliyozima, linafunguka, analipa nauli ya kawaida. Safi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Akiwa ndani ya treni anaona chaji inaisha, anasema wacha niizime mwenyewe ili niiokoe. Hapo amejimaliza. Akiba hii haifanyi kazi ukizima simu kwa mkono wako. Inafanya kazi simu ikijizima kwa kuishiwa. Anafika getini, anagusa, kimya. Anatoa kadi ya plastiki ya akaunti ileile, anagusa nayo. Lakini kadi iliyo ndani ya simu ina namba yake tofauti, kwa hivyo mfumo unaona watu wawili: mmoja aliingia hakutoka, mwingine alitoka bila kuingia. Safari mbili ambazo hazijakamilika, na kila moja inaweza kukatwa nauli ya juu kabisa.

Kuna njia ya kujua kama akiba ipo kabla hujafika getini. Simu ikiwa imejizima, bonyeza kitufe cha pembeni mara moja. Utaona alama ya betri tupu pamoja na maneno kwamba kadi za Express bado zinafanya kazi. Lakini usibonyeze kila dakika kama mtu anayengoja meseji ya mshahara, kwa sababu kila ukibonyeza unaila ileile akiba.

Na kuna gharama nyingine. Mlango usio na kufuli unaweza kuingiwa na mwingine. Mwaka wa 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Surrey walitumia kifaa kinachoiga ile ishara ya geti, na wakatoa malipo ya pauni 1,000 kutoka kwa aifoni iliyofungwa, yenye kadi ya Visa kwenye Express. Visa ilijibu kwamba mtaani hilo ni gumu kufanyika. Sawa, lakini funzo limebaki: kulegeza kufuli ni biashara, na mwenye kadi ana haki ya kuambiwa bei.

Sasa turudi Nairobi, maana ndiko tunakopanda matatu. Kila mara mtu mkubwa akisimama kusema nauli ilipwe bila pesa taslimu, mimi nina swali moja: simu ikizima, je? Leo ukilipa kwa M-Pesa unahitaji simu iwashwe, laini iwe na mtandao, uweke namba ya siri, na meseji ifike kondaa aamini. Mambo manne, na moja likikataa unashukishwa stegi inayofuata saa tatu usiku. Huko London wameyatoa yote manne kwa ile dakika ya kupita.

Na usiniambie mpaka tununue aifoni. Kadi ya plastiki ya bei rahisi inamshinda huyo aifoni, kwa sababu haina betri kabisa. Moto wake inaupata kwa msomaji inapoguswa. Haijui saa 5, haijui kuzimwa kwa mkono. Tulishaonja hii kitu: mwaka wa 2013 Google na Equity walileta BebaPay, kadi ya kugusa kwa matatu. Abiria hakuhitaji simu. Lakini msomaji wa kondaa ulikuwa simu, nayo inahitaji chaji kama yako. BebaPay ilifungwa mwaka wa 2015, na serikali nayo ilijaribu kulazimisha nauli ya kadi 2014 ikashindwa.

Kwa hivyo akija mwingine na mfumo mpya, msimshangilie kwa sababu programu yake ina rangi nzuri. Mwambieni azime simu ya abiria mbele yenu. Kisha akate mtandao wa gari. Kisha tuone kama nauli italipika, na kama mfumo ukikosea, ni nani anarudisha pesa. Akianza kucheka na kubadilisha mada, shikeni noti zenu.